Kikombe cha unga si kikombe cha sukari, jamani

Mi naona lile swali la "kikombe kimoja ni gramu ngapi" linatakiwa lipigwe marufuku mpaka mtu ataje kikombe cha nini. Kilo kwenda paundi ni hesabu tu, uzito kwa uzito, hakuna mjadala. Ila kikombe kinapima nafasi na gramu inapima uzito, kwa hiyo ukitaka kutoka huku kwenda kule lazima ujue kitu chenyewe ni kizito kiasi gani, na unga na asali haviko sawa hata kidogo.

Sasa chukua resipe ya keki ya Kimarekani, imeandika vikombe 3 vya unga wa ngano, vikombe 2 vya sukari, kikombe 1 cha siagi na kikombe 1 cha maziwa. Mtu anasoma mahali kwamba kikombe ni mililita 240, anasema haya basi ni gramu 240, anazidisha. Maziwa yanatoka salama kabisa maana yanakaribia uzito wa maji. Siagi nayo inapona, kikombe chake ni gramu kama 227. Sukari inazidi kidogo, alitakiwa aweke 400 yeye kaweka 480, keki itakuwa tamu sana ila italika. Balaa liko kwenye unga, kwa sababu kikombe cha unga ni kama gramu 125, yaani vitatu ni 375, na yeye ameshamwaga 720! Karibu mara mbili. Hapo hata kabla ya oveni utajua tu, badala ya uji mzito unaotiririka kutoka kwenye mwiko unapata donge linalong'ang'ania, halafu mtu anaanza kuongeza maziwa kwa kukisia na mwisho analaumu resipe.

Na hata hiyo 125 usiishike kama msahafu. Ukichota unga kwa kukizamisha kikombe ndani ya mfuko unaushindilia, unaweza kufika 150. Ukiuvuruga kwanza, ukajaza kwa kijiko bila kugonga wala kukandamiza, halafu ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utapata 120 hadi 125. Kwenye vikombe 3 tofauti yake ni karibu gramu 75, na keki inaisikia, inakuwa kavu na inapasuka juu. Ndo maana kama aliyeandika resipe ameweka gramu pembeni mi nafuata gramu zake bila kubishana, na kama hajaweka naangalia kama ameeleza anavyojaza kikombe. Asipoeleza naanza na 125, maana unga ni rahisi kuongeza, kuutoa ndo kazi.

Kikombe chenyewe pia kina nchi. Cha Marekani ni mililita 237 hivi, kwenye lebo za vyakula wanakihesabu 240, cha Australia ni 250. Hiyo tofauti kwa keki ya kawaida wala isikunyime usingizi mradi vyote umepima kwa kikombe kimoja. Kijiko kikubwa ndo uangalie, Marekani ni karibu mililita 15 na Australia ni 20. Kijiko cha chai kote ni 5, kwa hiyo chumvi na baking pauda mi siwagi na haja ya kuzigeuza gramu kabisa, mizani nyingi za jikoni zikipewa gramu 2 zinababaika tu, mara 1 mara 3.

Paundi nisikuchoshe. Kilo unazidisha mara mbili unaongeza sehemu ya kumi ya jibu, kilo 5 inakuwa 10 na 1, paundi 11. Kurudi unagawa kwa mbili unapunguza sehemu ya kumi, paundi 10 inakuwa 5 kutoa nusu, kilo 4 na nusu, na jibu kamili ni 4.54 kwa hiyo umefika.

Galoni ndo inayonikera. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na lebo inaandika galoni tu kana kwamba ipo moja duniani. Ndoo ya galoni 5 inaweza kuwa lita 19 au karibu 23, sasa kama maelekezo yanasema changanya dawa ya kusafishia kwa galoni moja ya maji, ukikosea galoni umezimua au umekoleza kwa sehemu ya tano hivi. Angalia bidhaa imetengenezwa wapi, au tafuta kwenye lebo hiyohiyo kama wameandika lita kwa maandishi madogo, mara nyingi zipo, gawa lita kwa galoni: ukipata 3.8 ni ya Mmarekani, ukipata 4.5 ni ya Mwingereza.