Semi-joini inaokoa mtandao, ila angalia mwelekeo

"Mtandao siku hizi una kasi, semi-joini ya nini tena?"

Semi-joini ni kutuma kwanza funguo tu, ili seva ya pili irudishe rekodi zinazohusika peke yake. Tuchukue seva mbili. Ya Dar es Salaam ina jedwali la `mteja`: rekodi 1,000,000 za baiti 200 kila moja, yaani megabaiti 200. Ya Mwanza ina `oda` za leo: rekodi 50,000 za baiti 100, megabaiti 5, zilizotoka kwa wateja 20,000. Ripoti inatakiwa Mwanza.

Wanaoipigia debe semi-joini huilinganisha na kusafirisha jedwali zima la wateja. Huo ni ushindi wa mezani. Mshindani wa kweli ni kupeleka oda zote Dar, kuziunganisha huko na wateja, kisha kurudisha matokeo: megabaiti 5 kwenda na 15 kurudi, jumla 20. Kwa semi-joini, Mwanza inatuma namba za wateja tu, kila moja mara moja: namba 20,000 za baiti 8, kilobaiti 160. Dar inachambua rekodi za wateja hao na kurudisha megabaiti 4. Joini yenyewe inafanyika Mwanza, na jumla iliyosafiri ni megabaiti 4.16.

Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 3.3 badala ya 16. Kwenye gigabiti 10, ndani ya jengo moja, ni milisekunde 3.3 badala ya 16, na hizo 13 zilizookolewa humezwa kirahisi na kazi ya kuondoa namba zilizojirudia na kutafuta rekodi 20,000 kwenye faharasa. Mabishano haya ni ya zamani. SDD-1, mfumo wa hifadhidata iliyosambazwa kwenye seva kadhaa ulioelezwa mwaka 1981, ulihesabu gharama ya mtandao peke yake, na semi-joini ikang'ara. Mwaka 1986 Mackert na Lohman walipopima R*, mfumo wa IBM wa aina hiyohiyo, walionyesha kwamba kazi ya ndani ya seva nayo haipuuziki.

Sasa geuza: ripoti itakiwe Dar. Kupeleka oda zote ni megabaiti 5, basi. Semi-joini ingeitaka Dar itume namba zake 1,000,000, megabaiti 8, ili kupunguza mzigo wa 5. Tena isingepunguza chochote, kwa sababu kila oda ina mteja wake. Ufunguo wa kigeni umeshahakikisha hivyo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: semi-joini hulipa pale tu upande unaochujwa una rekodi nyingi zisizo na mwenzake.

Wapo wanaosema badala ya namba tutume chujio la Bloom, yaani safu ya biti inayojibu kama namba fulani imo, na mara chache husema imo wakati haimo. Kwa biti 10 kwa kila namba, chujio lina kilobaiti 25 tu, na hukosea karibu asilimia 1. Lakini asilimia 1 ya nini? Ya wateja 980,000 wasiohusika: rekodi 9,800 za bure, karibu megabaiti 2. Umeokoa kilobaiti 135 ukapoteza megabaiti 2. Ukipandisha hadi biti 20, wanaopenya kimakosa hubaki kama 66, na chujio ni kilobaiti 50. Hapo unapata nafuu, ingawa ndogo kwa funguo za baiti 8. Kwa funguo za herufi 36 nafuu ni kubwa zaidi. Bado Dar italazimika kupitisha rekodi zote 1,000,000 kwenye chujio, kwa kuwa chujio halina orodha ya namba za kutafuta kwenye faharasa.

Kwenye PostgreSQL yenye `postgres_fdw`, nyongeza ya kusoma majedwali yaliyo kwenye seva nyingine, semi-joini unaweza kuiandika mwenyewe ukiwa Mwanza:

```sql
EXPLAIN (ANALYZE, VERBOSE)
SELECT * FROM mteja
WHERE id = ANY (ARRAY(
  SELECT DISTINCT mteja_id FROM oda
  WHERE tarehe = CURRENT_DATE));
```

Soma mstari wa `Remote SQL`. Ukiona `= ANY ($1::bigint[])`, uchujaji unafanyika Dar. Ukikuta sharti hilo chini ya `Filter`, rekodi zote milioni moja zimesafiri na zinachujwa Mwanza, na hujaokoa kitu.

Hata sharti likienda Dar, kuna mtego mwingine. `fetch_size`, yaani idadi ya rekodi zinazoletwa kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida ni 100, hivyo rekodi 20,000 zinahitaji safari 200 za kwenda na kurudi. Kama safari moja ni milisekunde 40, hizo ni sekunde 8 za kusubiri tu, zaidi ya maradufu ya muda wa kusafirisha data yenyewe, na mtu ataishia kuilaumu semi-joini. Dawa ni mstari mmoja:

```sql
ALTER FOREIGN TABLE mteja
  OPTIONS (ADD fetch_size '5000');
```

Safari zinabaki 4 hivi. Kumbukumbu ya Mwanza itabeba rekodi 5,000 kwa mkupuo, kama megabaiti 1, kwa hiyo hapo hakuna cha kuogopa.