Kimio Changu Kimekuwa Mali ya Umma

Jamani, mtu akikusalimia asubuhi hapa Dodoma mwezi wa Oktoba, usimjibu kwanza. Kunywa maji. Mimi leo nimeamka ulimi umenata kwenye kaakaa kama stempu, midomo imepasuka, koo linachoma, na mke wangu ananiambia, "Baba Neema, usiku umelala umeachama mpaka nikakuonea huruma."

Huruma gani hiyo isiyozima feni?

Ila nayo ukiizima, joto na mbu wanagawana mwili. Dirisha hulifungui, vumbi. Nikiwa Dar nililala na feni hii hii, namba tatu, usoni, na sikuugua hata kikohozi. Kule hewa ina unyevu wa bahari. Serikali ilipohamia huku tukaja nayo, na mafaili, na feni. Bahari ikabaki.

Sasa mtumishi wa umma mwenye heshima zangu, shati limepigwa pasi, nikafika kwa mama ntilie, nikafungua mdomo niagize chai na chapati mbili. Ikatoka hewa tupu.

Mzee mmoja kwenye benchi akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hicho ni kimio."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Achama."

Ningekataa vipi? Mzee ni mzee. Nikaachama. Kijana wa bodaboda akawasha tochi ya simu bila kuombwa, akaniinamia mpaka nikanusa petroli. "Aisee! Kinalala kwenye ulimi kabisa!" Basi, wateja wote wakaacha supu. Mama mwenye mchicha akapanga foleni. Mtu ambaye hata simjui akasema kimio cha shemeji yake kilikuwa kifupi kuliko changu na bado alikatwa. Mzee anamfahamu mkataji, yuko Chamwino, mkono wake mwepesi, unatema damu kidogo na yamekwisha. Bodaboda akasema kwa kuwa ni mgonjwa atanipeleka kwa bei ya kawaida. Na mimi bado nimeachama! Hakuna aliyenipa ruhusa ya kufunga!

Aliyeniokoa ni dada mmoja nesi, alikuja kununua maandazi. "Shikamoo babu. Kimio hakikatwi. Watu wanavuja damu, wengine wanapata tetenasi, na koo linabaki vilevile." Kisha akanigeukia. "Kaka, una homa?"

Nikatikisa kichwa.

"Kumeza kunauma mchana?"

Asubuhi tu, nikimaliza chai ya pili siumwi tena.

"Pua je?"

Pua ndiyo hiyo, usiku upande mmoja unafunga, nikigeuka unafunga mwingine.

"Basi unahemea mdomo. Pua ndiyo inayochuja vumbi na kuilowesha hewa kabla haijafika kooni, mdomo hauna kazi hiyo. Mate yenyewe ukilala yanapungua, na feni inayakausha yale machache yaliyobaki. Ukikoroma, kimio kinatikisika usiku kucha, kinavimba. Hakijarefuka hicho, kimechoka." Ningekuwa mgonjwa kweli, akasema, maumivu yasingeondoka kwa chai, yangekaa kutwa, pengine na homa. Hapo mtu anakwenda hospitali. Sauti nayo ikikwaruza wiki tatu, hivyo hivyo.

Mzee akasema wasomi wa siku hizi. Akarudi kwenye supu yake.

Nesi akauliza ninameza nini. Piritoni, nikajibu kwa fahari, kwa ajili ya mafua. "Hiyo nayo inakausha mdomo." Sasa jamani! Kijana wa duka la dawa alinipa Piritoni, akanipa na matone ya puani, na amoksilini alikuwa ameshaanza kuihesabu. Matone yenyewe, kumbe ukiyazoea zaidi ya siku chache, pua inaziba kuliko mwanzo. Ningerudi kununua mengine, na yeye angeniita bosi.

Dawa aliyonipa nesi haina hata risiti: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unasuuza pua kabla ya kulala. Na feni ielekee miguuni, baada ya kufuta mapanga yake. Nimeyafuta. Vumbi lililotoka pale, ungeweza kuotesha mchicha. Hilo ndilo nililokuwa napepewa usoni kila usiku, na mke wangu anasema alishaniambia tangu Pasaka.

Miguuni hewa inafika vizuri tu. Ila mpangaji wa chumba cha tatu ameanza kusema feni yangu inamaliza Luku, tunachangia mita moja. Feni! Wakati yeye anachemsha maharage kwa jiko la umeme tangu saa nane mchana, harufu inajaa ukumbi mzima, na hata bakuli moja hajawahi kuleta.