Sanduku la kioo ni mkweli kwa mchanga, si kwa udongo mwekundu

"Mwalimu, shikamoo. Sanduku letu la kioo tulilijaza mchanga mkavu, tukalegeza ukuta, mchanga ukaporomoka papo hapo. Tukarudia kwa udongo mwekundu wenye unyevu kidogo: tukauondoa ukuta kabisa na udongo ukabaki umesimama wima. Sasa kwa nini mafundi huambiwa wajaze mchanga na kokoto nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo, badala ya udongo uleule uliochimbwa pale pale?"

Marahaba. Macho yenu hayakuwadanganya. Kilichowadanganya ni kimo cha ukuta wenu, sentimita 30.

Tuanze na mchanga, maana kwa mchanga sanduku linasema kweli. Mchanga mkavu wa kawaida, wenye pembe ya msuguano ya nyuzi 30, ukuta ukishalegea kidogo husukuma kwa theluthi moja ya shinikizo la uzito wake. Hesabu hii ni ya zamani. Coulomb aliichapisha mwaka 1776 na Rankine akaipa sura tunayoitumia darasani mwaka 1857. Mita moja ya ujazo ya mchanga huo ina uzito wa kilonyutoni 16 hivi. Ukuta halisi wa mita 3 utasukumwa kwa kilonyutoni 24 kwa kila mita ya urefu wake, na msukumo huo unakaa theluthi ya kimo kutoka chini. Ukuta wenu ni sehemu moja ya kumi ya huo kwa kimo, na kwa kuwa msukumo hufuata kimo mara kimo, utasukumwa mara 100 pungufu. Kama sanduku lina upana wa sentimita 30, hiyo ni kama nyutoni 72, yaani uzito wa kilo 7 na kitu. Mkifunga kamba kwenye ncha ya juu ya ukuta wenye bawaba chini, mizani ya kuning'iniza itasoma theluthi yake tu, kilo 2 na nusu hivi, kwa sababu kamba iko mbali na bawaba mara tatu kuliko msukumo wenyewe.

Sura ya kuanguka nayo ni ileile. Mkipanga tabaka nyembamba za mchanga uliotiwa wino kila sentimita 3, mkivuta ukuta nje mtaziona zimekatika kwenye mstari unaopanda kwa nyuzi 60 kutoka kisiginoni. Kabari iliyo juu ya mstari huo ndiyo inayoshuka. Katika ukuta wa mita 3 kabari ni kubwa mara kumi kwa kila upande, lakini pembe haibadiliki. Katika mchanga mkavu kila kitu hutokana na uzito na msuguano, na vyote viwili hukua pamoja.

Sasa udongo mwekundu. Huu una kitu cha tatu: mshikamano. Chembe zimegandamana, kwa sehemu kwa sababu ya mfinyanzi uliomo na kwa sehemu kwa sababu ya unyevu unaozivuta pamoja, kama mchanga wa pwani unaoshika umbo la ndoo mtoto akiigeuza. Mshikamano huo haujali kimo cha ukuta. Ni uleule kwenye sanduku na ni uleule kwenye ukuta halisi wa mlimani. Kina ambacho udongo hausukumi chochote kinapatikana hivi:

```
z = 2c / (γ √Ka)
```

Hapo c ni mshikamano, γ ni uzito wa ujazo, na Ka ni ile theluthi. Chukueni mshikamano mdogo tu, kilopaskali 2, na uzito na pembe vilevile kama vya mchanga. Jibu ni sentimita 43. Ukuta wenu mzima ni sentimita 30! Ungewezaje kusukumwa? Mliondoa kitu ambacho hakikuwa na kazi. Pelekeni udongo huohuo kwenye ukuta wa mita 3: sentimita 43 za juu hazisukumi, lakini mita 2 na nusu zilizobaki zinasukuma, na msukumo unabaki karibu robo tatu ya ule wa mchanga, kilonyutoni 17 na nusu hivi badala ya 24. Sandukuni mshikamano ulifuta mzigo wote. Mlimani umefuta robo tu, na hata hiyo robo ni ya kuazima, kama mtakavyoona.

Wapo wanaosema basi sanduku ni mchezo wa watoto. Hoja yao ina uzito, na haiishii kwenye mshikamano. Kioo chenyewe kinashika mchanga. Nimepiga hesabu ya sanduku la vipimo vyenu: vioo viwili vikiwa na msuguano wa kawaida huibeba kabari kiasi cha kushusha zile nyutoni 72 hadi 60 hivi. Mkifanya sanduku jembamba la sentimita 15, kama nilivyoona vyuoni kwa kuwa kioo ni ghali, makosa yanafika theluthi. Dalili yake ni rahisi: tazameni ufa kwenye uso wa mchanga kutoka juu. Ukinyooka kutoka kioo hadi kioo, sanduku lenu ni zuri. Ukijipinda kama upinde karibu na kioo, kioo kinawasaidia bila kuombwa. Kingo za ukuta nazo, zile mlizoziba kwa sponji, zina ukinzani wake. Vuteni ukuta sanduku likiwa tupu, msome mizani, mpunguze.

Wahandisi wanaotaka kuukwepa mtego wa mshikamano huliweka sanduku kwenye sentrifuji. Wakilizungusha mpaka mvutano uwe mara 10 wa kawaida, udongo wa sentimita 30 hujihisi wa mita 3 na mshikamano unarudi kwenye nafasi yake ya kweli. Ni kifaa cha fedha nyingi. Njia nyingine ni ile ya mhandisi Karl Terzaghi kule chuo cha MIT, Marekani, aliyejenga sanduku kubwa kabisa na kuchapisha matokeo mwaka 1934. Jambo aliloonyesha, kwamba ukuta ukisogea kidogo sana shinikizo la mchanga hushuka, mnaweza kuliona hata kwenye sanduku lenu: kwa mchanga ulioshindiliwa unatosha mwendo wa sehemu moja ya elfu ya kimo. Kwenu ni milimita 0.3, jicho halioni, geji ya saa inaona. Ndiyo maana siungi mkono wanaolidharau sanduku dogo. Lina uongo wake, lakini ni uongo unaojulikana.

Na kuna jambo moja ambalo sanduku hulionyesha vizuri kuliko daftari lolote la hesabu: maji.

Shinikizo la maji hukua na kina kama la mchanga, kwa hiyo uwiano wa sandukuni ndio uwiano wa mlimani. Zibeni matundu ya kutolea maji yaliyo ukutani, jazeni maji taratibu kutoka chini mpaka juu. Mchanga sasa unaelea kiasi, uzito wake unaohesabika unashuka hadi kilonyutoni 10, na msukumo wake kwa ukuta wa mita 3 unashuka kutoka 24 hadi 15. Habari njema hiyo inaishia hapo, kwa sababu maji nayo yanasukuma kwa 44, hayana msuguano wa kuyazuia. Jumla ni 59, karibu mara mbili na nusu. Mizani yenu itapanda kutoka kilo 2 na nusu hadi 6. Ukuta uliosimama kiangazi kizima ukaanguka wiki ya tatu ya masika hauhitaji maelezo mengine.

Watu wakisikia hivyo hukimbilia matundu: bomba la inchi tatu kila mita moja na nusu au mbili, basi. Kwenye mchanga matundu matupu hayakai siku nyingi. Mtaona kupitia kioo mchanga ukitoka na maji, pango dogo likijengeka nyuma ya tundu, kisha uso wa juu unazama. Mkitumia udongo mwekundu, tundu linaziba kwa tope kabla ya hapo. Kwa hiyo kuna kokoto nyuma ya ukuta, na kitambaa cha kuchuja kati ya kokoto na udongo.

Lakini hata kokoto zina swali lake. Chukueni mipira ya dripu iliyo safi, mchomeke mmoja mgongoni mwa ukuta na mwingine katikati ya kabari, muisimamishe nje ya kioo. Nyunyizeni mvua kwa kopo lililotobolewa, bila kukoma. Kokoto zikiwa zimesimama wima mgongoni mwa ukuta, mpira wa ukutani utasoma sifuri. Mtashangilia. Angalieni ule wa pili: una maji. Wekeni chembe za pamanganeti kwenye kioo, chini kidogo ya uso, mtaona michirizi ya zambarau inashuka kisha inajipinda kuelekea ukutani. Maji yanapita ndani ya kabari kwa kulala, yanaubeba mchanga kwenye mstari uleule wa kuteleza na kupunguza msuguano wake. Ukuta mkavu, kabari yenye maji, na mizani inasoma zaidi ya ile ya mchanga mkavu.

Lazeni kokoto kwa mteremko, kutoka kisigino cha ukuta kupanda nyuma chini ya kabari yote. Michirizi inanyooka wima hadi kwenye kokoto na mipira yote miwili inakauka. Ubaya wake ni gharama: lazima uchimbe nyuma zaidi na uweke kokoto nyingi, na kwenye kiwanja kinachogusa ukuta wa jirani nafasi hiyo haipo. Hapo nakubali kokoto za wima, mradi aliyepiga hesabu hakujidai kwamba maji hayapo.

Turudi kwenye udongo wenu mwekundu. Sisemi ni marufuku. Lori la mchanga kupanda mlima lina bei yake, na kwa ukuta wa mita moja, juu yake pakiwa na njia ya kupitisha maji pembeni, udongo wa pale pale uliopangwa kwa tabaka na kushindiliwa unafaa, kokoto zikiwa mgongoni. Ule mweusi wa mbuga ndio nisioukubali kwa kimo chochote, kwa kuwa ukilowa huvimba na kusukuma wenyewe.

Kabla hamjauamini, rudieni jaribio lenu mkiacha ukuta mahali pake. Uacheni udongo ukauke siku mbili. Ufa utatokea juu, sambamba na ukuta. Kisha leteni kopo la mvua. Maji yataingia kwenye ufa kwanza, yasimame humo na kusukuma kama maji yoyote, na huku udongo unalowa na ule mvuto wa unyevu unaisha. Muwe na mtu anayesoma mizani kila dakika, na mwingine wa kushika taulo.