Mwacheni Mkimbiaji Ale Asubuhi

Juzi nimemshika mkono kijana aliyekuwa anatetemeka kando ya barabara, kilomita ya 16 katika mbio za kilomita 21. Hakuwa ameumia. Uso umempauka, jasho la baridi, macho hayatulii. Nikamuuliza amekula nini asubuhi. "Sijala kaka, niliambiwa tumbo tupu linakufanya mwepesi. Ila jana usiku nilikula sana."

Aliyemwambia hivyo ni mtu mzima anayekimbia miaka mingi, na namfahamu. Ndiyo maana nimeudhika. Ushauri huu unazunguka kwenye kila kundi la mazoezi: jaza sahani usiku, asubuhi usiguse kitu. Nasema wazi kwamba kwa mbio ndefu mpango huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Sahani ya usiku kazi yake inajulikana. Wanga unaokula unawekwa akiba kama glaikojeni, sehemu kubwa kwenye misuli na sehemu ndogo kwenye ini. Ya misuli inafika asubuhi ikiwa karibu yote ipo, kwa sababu ulikuwa umelala na miguu haikufanya kazi. Ya ini ni habari nyingine. Ini ndilo linalolisha damu sukari usiku kucha, na ubongo haulali kwa maana ya kuacha kula. Ukiamka, akiba ya ini imeshuka sana. Na msuli hauwezi kulikopesha ini: glaikojeni yake inatumika humohumo, haina njia ya kurudi kwenye damu ikiwa sukari. Kwa hiyo kijana yule miguu yake huenda ilikuwa bado na cha kuchoma. Kilichoelekea kumwishia ni sukari ya damu, ndiyo maana kichwa kilikuwa kizito na mikono inatetemeka. Hata angekula sahani tatu jana yake, zisingelijaza ini saa ya kuamka.

Chakula cha asubuhi, basi, ni kwa ajili ya ini. Ukishalielewa hilo, swali la "nile nini" linakuwa dogo, na swali la "nile saa ngapi" linakuwa kubwa.

Kipimo ninachokitumia ni rahisi na kinatoka kwenye mapendekezo ya kawaida ya lishe ya michezo, ya gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya mwili, ndani ya saa 1 hadi 4 kabla ya kuanza. Kadiri muda unavyobaki mchache, ndivyo gramu zinavyopungua. Mchukulie huyo kijana, ana kilo 60 hivi, na mbio zinaanza saa 1 asubuhi. Akila saa 10 alfajiri ana saa tatu mbele yake, na gramu 2 kwa kilo zinamtosha, yaani 120. Hizo ni vipande vinne vya mkate mweupe, kijiko kikubwa cha jamu na ndizi mbivu mbili. Anashushia maji, mililita 300 hadi 400, taratibu. Akishindwa kuamka saa hiyo, ale saa 11 na nusu, lakini iwe nusu yake: vipande viwili na jamu, ndizi moja.

Mtaona nimesema mkate mweupe, na najua wapo watakaoniuliza kuhusu mkate wa ngano nzima, mayai, parachichi, karanga. Ni vyakula vizuri. Uvile siku nyingine zote. Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, utumbo unaliashiria tumbo lipunguze mwendo wa kuachia chakula, na nyuzinyuzi nazo zinachelewesha. Ukiwa umekaa ofisini huo ni uzuri, unashiba muda mrefu. Ukiwa unakimbia kwa kasi, damu inaondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli na ngozi, na kilichobaki tumboni kinabaki hapo kinarukaruka. Mimi mwenyewe niliwahi kula mayai ya kukaanga na soseji saa mbili kabla ya mbio. Kilomita ya 8 nilikuwa bado nacheua ladha ya soseji, na kilomita ya 11 nikasimama kutapika. Mazoezi ya miezi minne yaliishia pale. Sitaki yampate mtu mwingine.

Hapo pia ndipo watu wanapokosea kujichunguza. Wakiumwa tumbo wanalaumu chochote walichokula mwisho. Sikiliza maumivu yako yako wapi. Kucheua, kichefuchefu, maji yanayosukasuka juu ya kitovu: mara nyingi hicho ni cha asubuhi, ulikula kingi mno, chenye mafuta au umechelewa. Gesi, msokoto chini ya kitovu, haja kubwa inayokubana ghafla katikati ya njia: chunguza kwanza siku iliyotangulia, maharage, mboga nyingi za majani, au maziwa kama hayakupatani. Kahawa nayo inaweza kuharakisha haja, kwa hiyo inywe mapema ili choo kiwe umekimaliza kabla ya kupanga mstari. Usiku wa kuamkia mbio kula wanga wa kawaida, wali au viazi, sahani unayoizoea, na ule mapema. Hakuna haja ya mlima.

Wa mpira, hesabu ni ileile. Mechi ya saa 10 jioni, chakula cha mchana saa 7, wali na kipande kidogo cha samaki au kuku asiyekaangwa. Kasoro yenu ni kukifanya chakula hicho kuwa cha saa 8 na nusu kwa sababu mmengojana.

Nitakubali jambo moja, japo kwa shingo upande. Mbio za kilomita 5, au mazoezi mepesi yasiyofika saa moja, mtu aliyekula vizuri jioni anaweza kwenda bila kula na asipate tabu. Huenda huko ndiko ushauri wa tumbo tupu ulikozaliwa. Lakini kilomita 21 kwa mkimbiaji wa kawaida ni saa mbili na zaidi, na ni kosa kumpa mtu wa saa mbili ushauri wa nusu saa.

Kuna wengine wanasema hofu inawaziba koo. Nawaelewa kabisa, hofu inapunguza hata kasi ya tumbo kumwaga chakula. Hao wanywe badala ya kutafuna. Uji mwepesi uliotiwa sukari, au maji ya matunda yaliyochujwa, hutoka tumboni haraka kuliko mkate.

Ila msijaribu lolote kati ya haya siku ya mbio. Tumbo nalo linazoezwa. Nimekubaliana na yule kijana tuanze Jumapili zake ndefu: aamke saa 10, ale vile vipande vinne, saa 1 aanze kukimbia. Jumapili ya kwanza alinipigia akisema alikuwa na nguvu hadi mwisho, ila kilomita tatu za mwanzo alihisi kujaa chini ya mbavu na kucheua ndizi. Jumapili ijayo anaacha ndizi moja, anabaki na gramu 95 hivi, muda tunauacha ulivyo.