Mpokelee wateja, ila usimsainie daftari

Wengi huona kumsainia shoga yako aliyechelewa kazini daftari la mahudhurio ni msaada mdogo, kwa kuwa kuchelewa kwenyewe ni kosa dogo. Hapo ndipo wanapokosea. Kwa sekta binafsi Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) hazitaki mtu aachishwe kazi kwa kosa la kwanza, isipokuwa liwe zito mno. Ukosefu mkubwa wa uaminifu umetajwa kati ya makosa mazito. Aliyechelewa huenda akaishia kupewa onyo, lakini aliyemsainia ameghushi kumbukumbu za kazi. Msaidizi anaweza kufukuzwa kwa jambo ambalo mwenye kuchelewa angeonywa tu.

Tuchukue mapokezi ya zahanati binafsi Dar es Salaam, zamu ikianza saa 1:30 asubuhi. Saa 1:20 ujumbe unaingia: "Shoga nisainie, nimekwama Kimara, foleni haitembei." Ukisaini, daftari litaonekana safi. Lakini mlinzi wa getini naye ana daftari lake, na humo shoga ameingia saa 2:10. Msimamizi akiyaweka mawili hayo mezani, kinachobaki ni kulinganisha mwandiko. Na ujumbe ule bado umo kwenye simu zote mbili.

Kwa maoni yangu mpaka uwe hapa: kazi yake unaweza kuishika, saa zake huwezi kuzitunga. Mjibu papo hapo, kwa maneno ambayo hata bosi akiyasoma hayatakutia aibu: "Pole shoga. Wagonjwa nitawapokea mpaka ufike. Daftari sisaini, mpigie msimamizi sasa hivi kabla ya saa 1:30." Usijibu "nitaona", maana yeye ataelewa umekubali, na hatapiga simu.

Msimamizi akikuuliza yuko wapi, sema unalolijua: amekutumia ujumbe kwamba yuko kwenye foleni. Usiseme "ametoka kidogo" wala "yuko chooni", na usimwashie kompyuta au kuweka mkoba kitini ionekane amefika. Huo pia ni uongo, hata kama hukushika kalamu. Wala si lazima uanze kuhesabu mara alizochelewa mwezi huu. Hiyo ni kazi ya msimamizi.

Atakasirika, na pengine atakukumbusha siku aliyokufaa. Msiyamalize hayo mbele ya wagonjwa. Subiri mtoke kazini, umuulize kinachomchelewesha. Ikiwa ni mtoto anayepelekwa shule kila asubuhi, kumsainia hakutaisha kamwe, bali kubadilishana zamu kunaweza kumaliza tatizo. Aandike barua kwa msimamizi, ataje saa anayoweza kufika bila shaka na saa atakayotoka kufidia. Kama wewe uko tayari kuchukua zamu ya asubuhi naye achukue ya mchana, jina lako liandikwe humo humo, na msibadilishane hadi barua ijibiwe.