Mfiwa anapokugeuzia hasira: unyamaze au umjibu?

"Ungepokea simu usiku ule, kaka angekuwa hai." Chukulia rafiki yako anakwambia hivyo mbele za watu, wiki mbili baada ya mazishi. Na kweli alikupigia, simu ukaiacha bila sauti ukalala. Mgonjwa alifikishwa hospitali hali yake ikiwa mbaya tayari.

Wapo watakaokushauri unyamaze tu: amefiwa huyo, hajui asemalo. Hoja yao si nyepesi. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyechunguza namna watoto wanavyoathirika wakitenganishwa na wazazi wao, aliiona hasira kuwa sehemu ya kawaida ya kuondokewa na mtu: moyo hupinga kabla ya kukubali. Tatizo ni kwamba hasira hiyo haina pa kwenda. Kumlaumu marehemu ni kujitia hatiani, ugonjwa haugombezwi, daktari hayupo tena mbele yake. Anayebaki ni wewe uliye karibu, na mara nyingi huchaguliwa yule ambaye mfiwa ana hakika hatamkimbia. Ni heshima ya ajabu, na sitarajii uifurahie.

Ila sikubaliani na wanaosema "yuko kwenye hatua ya hasira, itapita." Zile hatua tano za kukabili kifo, hasira ikiwa mojawapo, zilizojulikana kupitia daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, si na wafiwa. Mfiwa hapiti hatua moja akaifunga, akaingia nyingine. Anaweza kuongea vizuri asubuhi, jioni akafoka, na mwezi ujao akafoka tena kwa jambo lilelile.

Upande wa pili wanasema msiba haumpi mtu ruhusa ya kumdhalilisha mwenzake. Nao wana haki, hasa kwa sababu ambayo wengi hawaitaji: mfiwa akitulia hukumbuka alichokisema. Usipolizungumza kamwe, yeye atakukwepa kwa aibu, wewe utamkwepa kwa kinyongo, na urafiki utakufa bila hata ugomvi. Isitoshe, huenda na wewe ulimpenda kaka huyo na unamlilia kimyakimya.

Kwa maoni yangu, pande hizi zinagombania saa moja wakati kazi zenyewe ni za saa mbili tofauti. Saa ya kufokewa si saa ya kuweka mipaka wala ya kuleta ushahidi. Ukianza, "Lakini hata daktari alisema asingepona," umeshageuza uchungu kuwa kesi, naye hana budi kuishinda. Kosa la pili ni la watu wapole: kukubali yote. "Nisamehe, mimi ndiye niliyemuua." Hilo ni baya zaidi ya kubishana, kwa sababu sasa lawama imepata mwenyewe, na siku akitaka kuiacha atakuta umeithibitisha kwa kinywa chako.

Kilichobaki ni kutenganisha tukio na hukumu. Tukio ni kweli, kwa hiyo likiri wazi: "Ni kweli ulinipigia, sikupokea. Ulinihitaji usiku ule na hukunipata." Hukumu kwamba angepona usiikubali wala usiipinge. Iache. Kisha nyamaza, keti. Wengi huharibu hapa kwa kuongeza "lakini."

Akiendelea kufoka, au akianza matusi, una ruhusa ya kuondoka, ila usiondoke kimya. Taja lini utarudi: "Naenda sasa. Kesho saa nne nitakupigia." Halafu upige saa nne kweli, kwa sababu mtu aliyetoka kufiwa anajua vizuri sana maana ya mtu kuondoka asirudi. Akikupiga, au akikutisha, ahadi hiyo haikubani; usalama wako kwanza.

Mpaka huja baadaye, siku ambayo mmeongea mambo mengine bila moto. Hapo useme kuhusu tendo, usiguse huzuni: "Ukiwa na hasira niambie, hata kwa ukali. Ila usiniite muuaji mbele za watu." Sentensi mbili zinatosha. Asipoomba radhi siku hiyo, usimdai. Tazama kama tendo linarudiwa.

Na likirudiwa? Hapo uvumilivu wa rafiki una kikomo chake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni ya msiba iliyopitiliza: inayodumu zaidi ya miezi sita, kupita inavyotarajiwa katika jamii na dini ya mhusika, na kumvurugia maisha yake. Hasira na kulaumu ni miongoni mwa dalili zinazotajwa. Wiki ya pili haimo humo hata kidogo. Lakini kama mwaka umekwisha, harudi kazini, hali chakula vizuri, na kila mazungumzo yanaishia kwenye ile simu, kuendelea kuketi na kupokea lawama hakumsaidii. Mwambie unachokiona, umtafutie mshauri wa wafiwa au daktari, na ujitolee kumsindikiza.