Mahamri ya Saa Kumi na Mbili

Nyumba za wageni tunazozisimamia hapa Bamburi zina mbia Mjerumani anayeishi kwao, na ndiye aliyetutumia programu ya kugawa kazi ambayo yeye na wenzake wameizoea. Programu hiyo ilikuwa na lugha moja tu, nayo ni ya kwao. Kijerumani cha Bamburi tunakijua kiasi cha kumkaribisha mgeni, kumuuliza alivyolala na kumwelekeza ufuoni, lakini maneno yaliyoandikwa juu ya vitufe vile hakuna mgeni aliyewahi kutusemesha. Zaidi ya hayo, ilikuwa programu ya kusakinishwa kwenye kompyuta, si ukurasa wa mtandaoni, kwa hiyo ile njia ya mkato ya kuamuru ukurasa mzima utafsiriwe haikuwepo. Njia iliyobaki ni kufuata maelekezo ambayo programu yenyewe huyatoa inapofunguliwa mara ya kwanza.

Nilipoifungua, skrini nzima iliingia giza, likabaki tundu moja la mwangaza lililozunguka sehemu ya juu kushoto. Kando ya tundu kulikuwa na kiputo cheupe chenye mistari miwili ya maandishi, tarakimu 1/5, na vitufe viwili: `Überspringen`, kilichoandikwa kwa kijivu hafifu, na `Weiter`, kilichokolezwa buluu. Hapo sikuhitaji mkalimani. Watengenezaji wa programu wana desturi ya kukipaka rangi kitufe wanachotaka ukibofye, na kukififisha kile cha kukutoa mapema. Nikabofya cha buluu, tundu likahama, tarakimu zikawa 2/5, nami nikajiona nimeanza kuelewa Kijerumani.

Kwenye hatua ya pili kulitokea jambo ambalo laiti ningelipa uzito: kitufe cha `Weiter` hakikuwepo tena. Tundu lilikuwa limekizunguka kitufe kingine, `Neue Aufgabe`, chenye alama ya kujumlisha, na giza halikuondoka mpaka kitufe hicho kibofywe. Tofauti hiyo ndiyo dalili kubwa katika maelekezo ya namna hii. Maadamu kitufe cha kuendelea kipo ndani ya kiputo, unaonyeshwa tu. Kikitoweka, na programu ikakusubiri ubofye kitu kilicho nje ya kiputo, basi unachokigusa ni kitufe halisi, na kila utakachokiandika kinahifadhiwa kama kazi halali ya ofisi. Lile giza limeziba kila mahali isipokuwa hapo palipoachwa wazi.

Mimi na mwenzangu wa mapokezi, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri, tulilichukulia kuwa zoezi. Sanduku la kuandikia lilifunguka likiwa na maandishi ya kijivu, `z. B. Fenster putzen`, ambayo yalitoweka nilipobonyeza herufi ya kwanza.

"Niandike nini?" nikamuuliza.

"Andika lolote, dada, si majaribio tu haya," akajibu, kisha akafikiri kidogo. "Andika mahamri."

Nikaandika: *Mahamri mawili na mbaazi, yafike mezani kwa meneja.* Meneja ni mimi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ya kupendeza. Hatua ya tatu ilifungua orodha ya majina yetu sote, na juu kabisa ya orodha palikuwa na neno fupi, `Alle`, ambalo lilikuwa karibu zaidi na kishale kuliko jina la mtu yeyote. Hatua ya nne ilikuja na kalenda ndogo ambayo tayari ilikuwa imechagua kesho saa 06:00, na chini yake vishale viwili vinavyofukuzana kwenye duara. Nilipovibofya ilishuka orodha nyingine ambayo neno lake la kwanza lilikuwa `Täglich`. Nikalichagua, kwa sababu katika maisha yangu chaguo la kwanza halijawahi kuwa na madhara. Hatua ya tano ilikuwa kitufe kimoja tu, `Fertig`, na nilipokibofya skrini ilimwaga vipande vya karatasi za rangi kutoka juu hadi chini. Mwenzangu akapiga makofi. Tukafunga kompyuta tukaenda kukagua matangi ya maji.

Kesho yake nilipofika ofisini nilimkuta mlinzi mlangoni, ameshika mfuko wa karatasi uliolowa mafuta.

"Shikamoo, meneja. Nimeletewa ujumbe kwenye simu saa kumi na mbili kamili, nikasema nisibishane na kompyuta."

Ndani, meza yangu haikuonekana. Tuko wafanyakazi kumi na wanne, na mimi nikiwa ndiye mpokeaji, waliobaki kumi na watatu walikuwa wameleta mahamri mawili kila mmoja, jumla ishirini na sita, pamoja na mbaazi za nazi kwenye vibakuli, mikebe na chupa moja ya chai iliyokatwa shingo. Sababu ya utii huo wa pamoja niliielewa baadaye. Katika arifa ile kila kitu kilikuwa kwa Kijerumani, tarehe, saa, agizo na onyo, isipokuwa jina la kazi, ambalo lilikuwa kwa Kiswahili safi. Wiki nzima simu zao zilikuwa zimelia kwa mambo yasiyosomeka, na hatimaye limekuja moja wanaloliweza.

Bi Mkubwa wa usafi alikuwa amenuna. "Mwanangu, ungeniambia jana ningekanda unga mwenyewe. Haya nimeyanunua njiani, na iliki hayana."

Nilikaa nikaifungua programu niitafute ile kazi niizime. Kando ya jina lake kulikuwa na safu ya vipicha vidogo visivyo na neno hata moja: alama ya vema, kalenda, vishale vinavyofukuzana, pipa la taka. Programu za aina hii huficha maelezo ya vipicha vyake mpaka uegeshe kishale juu yake ukitulia kwa muda wa kama nusu sekunde, ndipo kijisanduku chenye maandishi kinapojitokeza. Ukitikisika, kinapotea. Nilikuwa nakodoa macho, nanakili neno herufi kwa herufi kwenye karatasi, mkono unachoka, kijisanduku kinazimika, naanza upya. Kile cha pipa kilikuwa kimeandikwa `Löschen (Strg+Entf)`, na tulipoteza muda mrefu, mimi na mwenzangu, tukivitafuta vibonyezo hivyo viwili kwenye kibodi yetu. Havipo. Kibodi za Wajerumani zimeandikwa `Strg` mahali ambapo zetu zimeandikwa `Ctrl`, na `Entf` pale penye `Delete`, na kijisanduku kile kilikuwa kinadhani kinazungumza na mtu aliyekaa mbele ya kibodi ya kwao.

Pipa nikaliogopa. Alama ya vema ilionekana ya amani zaidi, na kijisanduku chake kikasema `Erledigen`. Nikaibofya, jina la kazi likapigwa mstari katikati na kufifia. Nikawatangazia wenzangu kwamba jambo limekwisha.

Asubuhi iliyofuata mahamri yalikuja tena, na safari hii ya Bi Mkubwa yalikuwa na iliki. Kazi iliyowekewa marudio haifi ukiitia alama ya kumalizika. Kinyume chake, alama hiyo ndiyo inayoiambia programu kwamba zamu hii imefanyika vizuri, na papo hapo inaandaa ya kesho. Nilikuwa nimeithibitisha.

Nikajipa moyo nikalibofya pipa. Kikafunguka kidirisha chenye machaguo mawili, moja juu ya jingine: `Nur diese Aufgabe` na `Alle folgenden Aufgaben`. La kwanza lilikuwa limekwisha kutiwa nukta. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza, kazi ikatoweka kabisa hata mstari usibaki, na kwa furaha nikatuma ujumbe wa sauti kwa kila mtu. Wengi hawakuusikiliza, na ambao waliusikiliza waliona arifa ya saa kumi na mbili ina nguvu kuliko sauti yangu, kwa kuwa nilikuwa nimefuta zamu moja peke yake na kuuacha mzizi. Kufikia hapo jikoni kulikuwa na ratiba ya nani analeta mahamri na nani analeta mbaazi, na fundi wa mabomba, ambaye kwenye simu hana kishale cha kuegesha na kila akikandamiza kipicha kwa kidole anaihamisha kazi mahali pengine, alikuwa ameisogeza ya kwake hadi Jumapili.

Ndipo nilipoyatafuta yale maelekezo ya mwanzo. Programu nyingi huyaonyesha mara moja tu, lakini huacha mlango wa kuyarudia, na mara nyingi mlango huo uko chini ya alama ya kuuliza. Yetu ilikuwa kwenye kona ya chini, `Einführung erneut starten`. Safari hii sikugusa kitufe chochote kabla ya kukipiga picha kiputo kwa simu na kuisomesha ile picha kwenye programu ya kutafsiri, kwa sababu kiputo cha maelekezo, tofauti na kile kijisanduku cha kuegesha kishale, hakina haraka, kinakusubiri hata ukaswali urudi. Nilipofika penye kile kitufe halisi, niliandika kazi inayoitwa *Jaribio*, nikaikabidhi kwangu mwenyewe, bila marudio. Kiputo cha 4/5, ambacho mara ya kwanza nilikipita kama mtu anayepita kibao cha barabarani, kilikuwa na sentensi hii: `Wiederkehrende Aufgaben werden nach dem Erledigen automatisch neu angelegt.` Simu ikanieleza kwamba kazi za kujirudia huundwa upya zenyewe baada ya kumalizwa. Nikarudi kwenye pipa, nikatia nukta kwenye chaguo la chini, lile la zote zinazofuata, na mahamri yakaisha. Jikoni kulikuwa na msiba.

Mchana huo ikaja barua pepe ya mbia wetu. Nilikuwa nimesahau kwamba `Alle` humjumuisha na yeye. Aliandika kwa heshima kubwa, kwa Kiingereza, kwamba kazi hiyo imekuwa ikimwakia nyekundu kila siku kwa kuchelewa, kwamba anaomba radhi kwa kuwa peke yake katika kampuni ambaye hajaitekeleza hata mara moja, na kwamba ameulizia kila duka la mjini kwao bila kupata mahamri. Je, kuna kifaa mbadala kinachokubalika, na je, suala hili linahusu usalama wa moto?

Nilimjibu kwa kirefu, nikaambatisha picha ya meza. Alicheka, nadhani, maana aliweka alama nyingi za mshangao, kisha akaniandalia kazi ndani ya programu, yangu peke yangu: nitafsiri viputo vyote vitano kwa Kiswahili, nibandike karatasi ukutani, mwisho wake Ijumaa saa 16:00. Ombi la haki kabisa. Niliitafsiri, nikaibandika, nikaitia alama ya kumalizika, na kabla sijanyanyuka kitini ikajitokeza nyingine mpya ya Ijumaa ijayo. Nikaegesha kishale juu ya vile vishale viwili, nikatulia kwa nusu sekunde, kijisanduku kikafunguka: `Wiederholung: wöchentlich`.